Kabla mshenga hajatumwa: mtoto, ndoa ya kwanza na deni vinasemwa lini

Ukiuliza ni lini umwambie mtu mpya kwamba una mtoto, au uliwahi kufunga ndoa, au unadaiwa, wengi watakujibu kwa kalenda: baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, mkishazoeana. Kalenda haisaidii sana. Wapo wanaokutana Januari, na Machi wazee wameshakaa kikao. Wapo wanaopigiana simu mwaka mzima na hakuna linaloendelea. Afadhali uangalie mwenzako amefika wapi katika kutoa vitu ambavyo hawezi kuvirudisha bila hasara au aibu.

Kwa ndoa za Tanzania hatua zenyewe zinajulikana, hata kama majina yanatofautiana toka kabila hadi kabila. Kuna mazoea ya wawili. Kuna siku mmoja anapomwambia dada yake au shangazi yake kwamba "kuna mtu". Kuna barua ya posa na mshenga, kishika uchumba, mahari, matangazo, kisha kamati na kadi za michango. Kwenye mazoea, jambo likiharibika anayeumia ni yeye peke yake, na atalia kwa siri. Barua ikishapokelewa, uso uliowekwa rehani ni wa baba yake na baba zake wadogo. Kadi zikishatembea ofisini, kuna watu 200 wanaosubiri kujua kwa nini shughuli imeahirishwa.

Kanuni ninayoitetea ni hii: kila jambo lisemwe kabla ya hatua ambayo mwenzako asingeipiga, au angeipiga kwa namna nyingine, kama angelijua. Ukilitazama hivyo, mtoto, ndoa na deni haviangukii siku moja. Mtoto anatangulia mapema kabisa. Ndoa ya kwanza inafuata, na kama haijavunjwa kisheria inamkimbiza mtoto bega kwa bega. Deni linasubiri, ila halivuki barua ya posa.

Mtoto

Mtoto asemwe katika mazungumzo ya mwanzo kabisa, wakati bado mnaulizana unafanya kazi wapi na nyumbani ni wapi. Sababu ni kwamba mtoto si historia. Ana ada ya muhula ujao, ana likizo ya Juni na Desemba, na ana mzazi wa pili ambaye ataendelea kupiga simu. Anayefikiria kuishi na wewe anafikiria nyumba yenye watu wangapi, na hesabu hiyo huwezi kumwachia aifanye kwa namba ya uongo.

Sentensi moja inatosha, ikisemwa katikati ya mazungumzo ya kawaida: "Nina binti, ana miaka minane, yuko Iringa kwa bibi yake." Usimkalishe mtu mgahawani, ukavuta pumzi na kusema una jambo zito. Ukimtangaza mtoto kama msiba, mwenzako atampokea kama msiba. Na siku hiyo usifungue picha zote za kwenye simu. Jina la shule, jina kamili la mtoto na mahali anapokaa vibaki kwako mpaka umjue huyo mtu vizuri; umri na mahali kwa jumla vinatosha kumsaidia aamue kama anaendelea.

Kosa linaloharibu zaidi hapa ni la "mtoto wa dada". Familia nyingi zina mtoto aliyezaliwa binti akiwa bado shuleni au chuoni, akalelewa na bibi, akakua akimwita bibi "mama" na mama yake mzazi "dada". Shuleni kaandikishwa kwa jina la babu. Kijiji kizima kinajua, ila hakuna anayesema. Mwanamke huyo anapopata mchumba, anajikuta ana siri mbili kwa mpigo, kwa sababu kumwambia mchumba ni kufungua jambo ambalo hata mtoto mwenyewe hajaambiwa. Mpangilio wa namna hii una mlolongo wake. Kwanza zungumza na wazazi wako, uwaambie kwamba unakwenda kumwambia fulani, ili wasije wakamjibu kwa hadithi ya zamani siku akifika nyumbani. Kisha mwambie mchumba, pamoja na hilo kwamba mtoto bado hajui, na umwombe alihifadhi. Mtoto mwenyewe ataambiwa kwa wakati wake na watu wake, si kwa kuropokewa na mgeni. Watu huanza kwa mchumba na kuwasahau wazazi, halafu mama mtu anakanusha mbele yake kwa nia njema kabisa, na mwongo anakuwa binti.

Maswali yatakayokuja yanajulikana. Mzazi mwenzako yuko wapi, mnawasiliana vipi, anatoa au unatoa matunzo ya kiasi gani, na baadaye mtoto ataishi wapi? Yajibu kwa hali ilivyo leo. Kama kila mwezi unatuma 80,000 na ada unalipa nusu, sema hivyo. Kama hujatuma kwa miezi saba, sema hilo pia, kwa kuwa mwenzako atalijua siku ya kwanza atakapokutana na upande wa pili, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya matunzo ambayo mahakama inaweza kuamuru wakati wowote, uwe umeoa upya au hujaoa. Linaloumiza ndoa mpya mara nyingi si mtoto. Ni ahadi ya "huyo tumeshamalizana na mama yake" iliyotolewa na mtu ambaye hajamalizana na yeyote.

Kumwambia mtu kuhusu mtoto na kumkutanisha naye ni mambo mawili tofauti. La kwanza lifanyike mapema, la pili lichelewe. Mtoto wa miaka minane akishatambulishwa kwa "anko" wa tatu anaacha kuwasalimia.

Ndoa ya kwanza

Hapa ndipo watu wanapodanganya bila kujua kwamba wanadanganya. Neno "tumeachana" linabeba hali tatu ambazo kisheria hazifanani hata kidogo, na anayelisikia hawezi kujua ni ipi.

Hali ya kwanza ni ndoa iliyovunjwa na mahakama. Kuna shauri, kuna hukumu, kuna dikrii ya talaka. Ya pili ni talaka ya dini: mume ametoa talaka, pengine kwa karatasi mbele ya shehe, mke amekaa eda, kila mtu ameendelea na maisha, lakini hakuna kilichopelekwa mahakamani. Ya tatu ni ile ya kawaida kuliko zote: mmoja alifungasha, akarudi kwao au akahamia mji mwingine, miaka imepita. Hakuna karatasi yoyote zaidi ya cheti cha ndoa kilichobaki kwenye begi la mtu.

Mwenye hali ya tatu bado ni mume au mke wa mtu, hata ikipita miaka kumi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanamke aliye kwenye ndoa kuolewa na mwanamume mwingine, wala mwanamume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja kuoa tena. Ndoa ya pili ikifungwa juu ya hapo ni batili tangu mwanzo, na aliyeifunga huku akijua anatenda kosa. Mwenzako anastahili kujua hili kabla hajatamka kwa mtu yeyote kwamba amepata mchumba, kwa sababu kwa wakati huo mchumba hajapata. Amepata mtu mwenye kesi ya kufungua.

Njia ya kuimaliza inajulikana, na mwenzako ataiuliza, kwa hiyo ijue. Shauri huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo linaweza kuwa la kata, la kanisa au la BAKWATA. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Ukiwa na hati hiyo ndipo unapofungua madai ya talaka mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo inaweza kuyasikiliza. Wapo wanaoruka baraza kwa kuwa "sote wawili tumekubali", kisha wanarudishwa nyuma, maana isipokuwa kwa hali chache maalumu, shauri bila hati ya baraza halisikilizwi.

Kwa Waislamu kuna maswali mawili ambayo mwanamke aliyeachika ataulizwa na watu wazima wa upande wa pili, hivyo ni vizuri mchumba asikie majibu kutoka kwake kwanza: ni talaka ya ngapi, na eda imeisha lini? Talaka ikiwa ya kwanza au ya pili, mume ana nafasi ya kumrejea mkewe eda ikiwa bado haijaisha, bila ndoa mpya. Anayekaa eda ya talaka rejea haposwi, hata kwa fumbo. Aliyefiwa anakaa miezi minne na siku kumi. Kwa hiyo "niliachwa mwezi uliopita" na "niliachwa mwaka juzi" ni habari mbili tofauti, wala si suala la moyo kupoa tu. Na talaka ya shehe peke yake bado inaacha jambo la mahakama na usajili, ambalo lisipomalizwa huibuka siku ya kugawana kiwanja au ya mirathi.

Kwa Wakatoliki kuna mtego wa aina nyingine. Talaka ya mahakama haiondoi ndoa ya kanisani. Mwenye ndoa hiyo hawezi kufunga nyingine kanisani mpaka mahakama ya kanisa itamke kwamba ya kwanza ilikuwa batili, au mwenzi awe amefariki. Na haifichiki kirahisi. Ndoa ya kanisani huandikwa kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia ulikobatizwa, na paroko anayewaandaa ataomba cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, si kile cha zamani ulichokihifadhi kabatini. Wapo wachumba waliojua habari za ndoa ya kwanza ofisini kwa paroko, wakiwa wamekaa viti viwili vilivyokaribiana, cheti kikiwa mezani. Hata ukichagua bomani badala ya kanisani, taarifa ya nia ya kufunga ndoa inatolewa angalau siku 21 kabla, inaeleza hali ya ndoa ya kila mmoja, na mwenye pingamizi anaruhusiwa kulitoa. Mke aliyeko Iringa ana ndugu, na ndugu wana simu.

Kuna na wale wasiokuwa na cheti chochote. Waliishi pamoja Mbagala au Mwanza miaka mitatu, wakachangia kodi ya chumba, majirani wakawaita baba fulani na mama fulani. Hao husema kwa nafsi safi kwamba hawajawahi kuoa. Sheria ya Ndoa ina dhana ya ndoa: watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke wanaweza kuchukuliwa kuwa walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa vinginevyo mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Anayetoka kwenye maisha ya namna hiyo asiseme "sijawahi kuoa" akanyamaza. Aseme: "Niliishi na mtu miaka mitatu, hatukufunga ndoa, tulitengana mwaka fulani, vitu tuligawana hivi." Msikilizaji atajua mwenyewe la kuuliza.

Wakati wa kusema haya ni kabla ya kuitana wachumba, kwa kadiri ya wiki chache za mwanzo, na kwa hali ya tatu mara tu unapoona mazungumzo yanaelekea kwenye ndoa. Kinachosemwa ni ukweli wa hali, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuachana, hali ya kisheria, na unachofanya kuhusu hiyo hali. Kisa cha nani alimkosea nani kina kiasi chake. Sentensi mbili za sababu, moja ikiwa ni sehemu yako wewe. Mtu anayetumia saa nzima kumchafua aliyekuwa mkewe anamwonyesha mke mtarajiwa namna atakavyosemwa yeye. Na yapo ambayo si yako kuyatoa, kama ugonjwa wa mtalaka wako au siri za ndugu zake. Waliopigwa hawawajibiki kusimulia kila kipigo; "kulikuwa na kupigana na niliondoka kwa usalama wangu" ni jibu kamili.

Kwa nini yasemwe kabla na si baada? Watu hudhani kwamba mtu akidanganywa ataivunja ndoa kesho yake. Sheria haimpi njia rahisi hivyo. Kuficha mtoto au deni hakumo katika sababu zinazomruhusu mtu kuomba ndoa itenguliwe. Yaliyotajwa ni mambo kama kushindwa tendo la ndoa, maradhi fulani, au mke kuwa na mimba ya mwanamume mwingine wakati wa kufunga ndoa bila mume kujua. Kilichobaki ni talaka, na talaka haiombwi kabla ya miaka miwili ya ndoa bila ruhusa maalumu ya mahakama. Anayeficha anamfungia mwenzake mlango, ufunguo akauweka mfukoni kwake.

Deni

Hili ndilo jambo pekee ambalo ninashauri lisubiri. Mjini, mtu anayetaja madeni yake mara ya pili mnapokutana anasikika kama anapiga mzinga. Hata kama hataki hata shilingi, msikilizaji ameshaanza kushika pochi, na mazungumzo yaliyofuata yote yatasikika kwa sikio hilo. Kwa wanawake lawama ni kali zaidi, maana neno la kuchuna liko tayari mdomoni mwa watu. Ngoja mpaka mipango ya pesa ya pamoja ianze: kiwanja, kupanga nyumba, kiasi cha mahari, bajeti ya shughuli. Siku nyinyi wawili mnapotaja mahari kwa tarakimu, kabla barua ya posa haijatumwa, ndiyo siku ya mwisho ya deni kubaki siri, kwa sababu baada ya hapo kila shilingi unayoahidi inatoka mahali ambapo imeshaahidiwa mtu mwingine.

Ila kuna madeni mawili yasiyosubiri: lile ulilodhaminiwa na mtalaka wako au lililoshikilia nyumba ya ndoa ya kwanza, maana hilo ni sehemu ya habari za ndoa, na lile ambalo wadai wake hupiga simu kwa watu walio kwenye orodha ya namba zako. Hilo la pili litajitangaza lenyewe.

Deni halisemwi kwa maneno kama "nina vimkopo viwili vitatu". Linaandikwa kwenye karatasi moja: nani anadai, kilichobaki, rejesho la mwezi, mwezi wa mwisho, dhamana, mdhamini. Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari Dodoma, mwenye mshahara wa msingi wa 850,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 127,500 kila mwezi. Deni lililobaki ni 6,375,000, kwa hiyo ni miezi 50. SACCOS imebaki 2,400,000, rejesho 100,000, miezi 24, wadhamini ni walimu wenzake wawili. Kisha kuna 300,000 ya kausha damu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Anatoa 90,000 ya riba tu kila mwisho wa mwezi, na mkopo wenyewe haujapungua hata senti. Dhamana ni kadi yake ya benki na namba ya siri, ambavyo viko kwa mkopeshaji.

Ukijumlisha, madeni yanachukua 317,500 kwa mwezi. Kodi, mfuko wa hifadhi na bima ya afya vikishakatwa, na 80,000 ya mtoto ikishatumwa, mkononi inabaki takribani laki tatu, na hapo ada bado. Mchumba akiona karatasi hiyo, deni kubwa la Bodi halitamtisha sana. Lina mwisho unaojulikana na halina fujo. La kumsumbua ni lile dogo la chini kabisa, na yuko sahihi. Deni la 300,000 ambalo limempa mtu baki ruhusa ya kuchukua mshahara kabla ya mwenye mshahara linaeleza hali ya nyumba kuliko la milioni sita. Kwa hiyo mwalimu huyu angefanya vizuri kulimaliza hilo kwanza, hata kwa kuuza pikipiki, arudishiwe kadi na abadili namba ya siri, halafu ndiyo akae mezani na karatasi yake. Si kwa kuficha: aliandike, pembeni aweke tarehe lilipoisha.

Mtu akishaona karatasi huuliza kama deni hilo litakuwa lake. Deni ulilolichukua peke yako kabla ya ndoa linabaki lako. Ndoa haimfanyi mwenzako kuwa mkopaji. Anaingia pale anaposaini kuwa mdhamini, au anapotoa ridhaa ya kuweka nyumba ya ndoa rehani, ridhaa ambayo Sheria ya Ardhi inaitaka. Kwa maneno mengine, mwenzako anayo nguvu ya kukataa, na afahamu hilo kutoka kwako. Lakini usimwambie kwamba deni halimhusu. Laki tatu ya mwezi ndiyo itakayonunua unga wa nyumba yenu.

Deni lililotokana na harusi ya kwanza ni baya kulitamka kuliko yote, na watu wengi wanalo. Litamke hivyohivyo.

Kikao chenyewe

Mwalimu wetu anazungumza na muuguzi wa Singida. Mtoto alishamtaja wiki ya kwanza. Sasa mazungumzo yameanza kuelekea nyumbani kwao, naye mwalimu kwa sheria bado ni mume wa mtu: ndoa ya bomani 2016, wakatengana 2021, mahakamani hawajaenda.

Achague mchana, ana kwa ana, mahali ambapo yule dada anaweza kunyanyuka na kuondoka kwa nauli yake mwenyewe. Si usiku, si chumbani, si baada ya mapenzi, na si safarini kwenye basi ambako hakuna pa kwenda. Ujumbe wa sauti wa wasapu wa dakika sita ni njia mbaya mno: unamwacha asikilize peke yake, arudie mara nne, aucheze kwa rafiki yake, na wewe huwezi kujibu swali lililomjia dakika ya pili. Kama mnaishi mbali na nauli haipo, piga simu ya kawaida, umuulize kwanza kama yuko mahali pa kuzungumza.

Maneno yanaweza kuwa haya: "Naomba nikuambie jambo kabla hujaongea na mtu nyumbani kwenu. Mama wa binti yangu nilifunga naye ndoa, bomani, 2016. Tumetengana tangu 2021, lakini talaka hatujaichukua. Kisheria bado nina mke. Nataka kuanza baraza la kata mwezi huu. Sikuombi jibu leo."

Sentensi inayorukwa na wengi ni ile ya nne. Watasema "talaka hatujaichukua" kwa kupitia, kama karatasi tu iliyosahaulika, na kumwacha msikilizaji agundue mwenyewe siku nyingine maana yake nini. "Kisheria bado nina mke" haipendezi, ila ndiyo habari yenyewe.

Baada ya hapo anyamaze. Kimya kinachofuata kinachosha, na wengi hukijaza kwa kujitetea, kisha kwa ahadi, kisha kwa "kama hunitaki sema". Amwache aulize. Akiuliza "kwa nini hukuniambia siku ile ya mtoto?", jibu ni ukweli: "Niliogopa utaondoka." Akiomba kuona karatasi, aoneshwe karatasi bila kununa. Kuomba uthibitisho si kumtukana mtu. Ni haki ya anayekaribia kubeba jina.

Kosa linalofuata ni kusema kwa vijiko. Leo ndoa, wiki ijayo mtoto wa pili, baada ya mwezi ile SACCOS. Kila kijiko kinafuta msamaha wa kijiko kilichopita, kwa sababu sasa mtu haulizi tena umesema nini, anauliza kimebaki nini. Kama lipo la deni ambalo hutaki kulifungua siku hiyo, lionyeshe mlango: "Nina na madeni, nitakuletea kwa maandishi kabla hatujazungumzia mahari." Hapo hajafichwa, ameahidiwa tarehe.

Mpe siku zake. Wiki mbili bila kumsukuma ni muda wa kawaida. Atamwambia mtu mmoja, dada au rafiki, na huna haki ya kumkataza. Anachokionyesha katika wiki hizo nacho kinakuhusu. Anayeuliza maswali magumu bado yupo. Anayekubali papo hapo bila swali hata moja pengine hajasikia. Rudia kesho yake. Na anayeanza kulitumia katika ugomvi mdogo, "ndiyo maana mkeo alikukimbia", amekuonyesha mapema jinsi siri zako zitakavyotunzwa.

Akikubali, bado kuna mtu mmoja wa kuambiwa: mshenga. Hatumwi mpaka dikrii iwepo, na akitumwa asiende kichwa kitupu. Upande wa pili watu wazima watamuuliza, tena mbele ya wote: "Kijana wenu ana mke? Ana watoto?" Mshenga asiyejua atajibu "hapana" kwa kulinda heshima ya waliomtuma, na tangu dakika hiyo uongo ni wa ukoo mzima, hata kama wachumba walishaambiana kila kitu. Mchumba naye anabaki njia panda: amkanushe mshenga mbele ya baba yake, au akae kimya na kuwa sehemu ya uongo.

Kwa hiyo mwambie mshenga nini aseme na kiishie wapi. Deni halipelekwi kwenye kikao cha wazee. Hilo ni la wawili. Mtoto na ndoa vinapelekwa, kwa ufupi: "Wazee wangu, kijana wetu aliwahi kuoa, ndoa hiyo mahakama imeivunja, na ana binti mmoja anayemlea. Binti yenu anayafahamu haya." Nakala ya dikrii iwe ndani ya bahasha, kwenye mfuko wa koti la mshenga, aitoe wakiiomba. Sehemu kubwa ya wazee hawataiomba. Watageuka wamtazame binti yao, waone kama kweli anayafahamu.